Takriri, Mizani na Ridhimu katika Uundaji wa Majina ya Bidhaa kwa Kiswahili: Mahali pa Mkazo kama Kigezo cha Mvuto wa Jina

1. Utangulizi

Katika maduka ya rejareja ya mitaani, bidhaa nyingi bado huombwa kwa mdomo. Mnunuzi husimama mbele ya kaunta, hutaja anachotaka, na muuzaji hukitoa rafuni. Katika mazingira hayo, jina la bidhaa huwa ni neno linalosemwa kabla ya kuwa chapa inayosomwa. Jina lisipotajika kwa urahisi, mnunuzi hutaja aina ya bidhaa tu, kwa mfano "naomba sembe kilo mbili", na uamuzi wa kuuza unga wa nani hubaki mikononi mwa muuzaji. Kwa msagishaji mdogo ambaye amekwisha kulipia mifuko iliyochapwa jina lake, hiyo ni hasara halisi: jina lipo juu ya mfuko lakini halipo mdomoni mwa mtu.

Waundaji wa majina huelewa jambo hili kwa hisia, na mara nyingi hutafuta msaada katika takriri konsonanti, yaani urudiaji wa konsonanti ileile mwanzoni mwa maneno yaliyo jirani. Makala haya yanafafanua namna takriri hiyo inavyofanya kazi katika Kiswahili ikishirikiana na mizani na ridhimu. Hoja kuu ni kwamba takriri konsonanti peke yake haitoshi, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili yenyewe huizalisha kila wakati. Takriri huwa na nguvu ya kushika sikio pale konsonanti inayorudiwa inapofungua silabi yenye mkazo. Hoja hiyo inaelezwa kwa hatua tatu, kisha inatumiwa kuchambua mfano mmoja wa kubuni wa jina la unga wa mahindi.

2. Kuhesabu mizani ya jina

Hatua ya kwanza ni kujua jina lina silabi ngapi. Ushairi wa Kiswahili una istilahi yake ya kazi hii, nayo ni mizani. Kaluta Amri Abedi aliifafanua miongoni mwa kanuni alizoziweka katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Mshororo wa kawaida wa shairi la bahari ya tarbia huwa na mizani 16, zilizogawanyika katika vipande viwili vya mizani nane nane, na mshororo wa utenzi huwa na mizani nane. Anayeunda jina anaweza kutumia kipimo hichohicho, ila yeye hushughulika na mizani mbili hadi sita.

Kuhesabu ni rahisi kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Neno safi lina mizani mbili, na salama lina tatu. Ugumu upo kwenye nazali. Katika neno mtoto, sauti ya m inasimama peke yake kama silabi, hivyo neno lina mizani tatu: m-to-to. Katika neno mbuzi, sauti hiyo imeungana na b na kuwa sehemu ya mwanzo wa silabi moja, hivyo neno lina mizani mbili: mbu-zi. Lakini neno mbu, la mdudu, nalo lina mizani mbili, m-bu, kwa kuwa hapo m hubeba mkazo na hulazimika kuwa silabi. Hali ni hiyohiyo katika nchi na nne. Jina kama Mkombozi linaonyesha hali mbili ndani ya neno moja: m ya kwanza ni silabi kamili, ilhali m ya pili imemezwa na b. Hesabu yake ni m-ko-mbo-zi, yaani mizani nne.

Maneno ya kukopa nayo yanahitaji uangalifu. Jina linaloishia kwa konsonanti katika lugha ya asili huelekea kuongezewa irabu linapoingia katika matamshi ya Kiswahili, na hesabu hubadilika. Jina la dawa ya meno linalotamkwa kolgeti mitaani lina mizani tatu, ingawa katika Kiingereza lina silabi mbili. Kwa sababu hiyo, mizani ihesabiwe kwa jinsi mnunuzi anavyotamka, wala si kwa jinsi mfuko ulivyoandikwa.

3. Mkazo na mapigo ya jina

Hatua ya pili ni kutambua mkazo. Kwa kawaida mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika makala haya, silabi yenye mkazo imeandikwa kwa herufi kubwa: SA-fi, sa-LA-ma. Kanuni hii ina vighairi vichache. Baadhi ya maneno yenye asili ya Kiarabu hutamkwa na wengi kwa mkazo ulio mapema zaidi, na neno barabara hubadilika maana kwa mkazo pekee: ba-ra-BA-ra ni njia, ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Neno la namna hiyo halifai kuwa jina, kwa kuwa wasemaji wawili wanaweza kulisoma kwa njia mbili tofauti.

Kutokana na kanuni hii, umbo la jina hutabirika. Neno la mizani mbili huanza kwa pigo na kumalizika kwa ulegevu. Majina Simba na Yanga, yanayotumika kwa klabu mbili kubwa za soka za Dar es Salaam, ni ya umbo hilo: SI-mba, YA-nga. Jina Yanga lenyewe ni ufupisho wa umma uliotokana na jina rasmi la Kiingereza la klabu hiyo, Young Africans. Umma ulipunguza maneno mawili ya kigeni hadi mizani mbili zinazopigika uwanjani. Tukiyaweka majina hayo sambamba, tunaona pia kwamba yote mawili yana konsonanti yenye unazali katika silabi ya mwisho na yote huishia kwa a. Kwa hiyo yanaweza kupokezana katika mdundo mmoja wa mashabiki bila upande wowote kubadili mapigo.

Neno la mizani nne hugawanyika kwa urahisi katika jozi mbili, kila jozi ikianza kwa pigo. Pigo la pili ndilo mkazo mkuu, na la kwanza ni mkazo mdogo. Uradidi hutumia umbo hili kikamilifu. Daladala ni da-la-DA-la, na bodaboda, neno lililozaliwa katika usafiri wa mpakani baina ya Kenya na Uganda, ni bo-da-BO-da. Jina la mahali Ngorongoro lina mpangilio huohuo: ngo-ro-NGO-ro. Katika kila moja, konsonanti ileile inafungua silabi zote mbili zenye pigo. Mzungumzaji akishasema jozi ya kwanza, mdomo wake tayari unajua jozi ya pili.

Umbo hili linaeleza pia kwa nini baadhi ya majina ya kigeni hayapati taabu katika kinywa cha Mswahili. Kinywaji cha Kokakola kilipewa jina mwaka 1886 mjini Atlanta na Frank Robinson, mtunza hesabu wa John Pemberton. Robinson aliona kwamba herufi mbili kubwa za C zingependeza katika matangazo, yaani alifikiria jicho. Jina hilo lilipoingia katika Kiswahili lilikuta umbo lililokwisha kuzoeleka: ko-ka-KO-la, mizani nne, jozi mbili, huku k ikifungua kila jozi. Tofauti yake na uradidi kamili ni konsonanti moja tu, la badala ya ka, na tofauti hiyo ndiyo inayolizuia lisisikike kama neno la mchezo wa watoto.

4. Takriri ya sarufi na takriri ya sikio

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha makala haya. Katika lugha isiyo na ngeli za nomino, maneno mawili yanayoanza kwa konsonanti moja yamekutana kwa nadra au kwa makusudi, na msikilizaji hulitambua jambo hilo. Katika Kiswahili, upatanisho wa kisarufi huyafanya maneno yaanze kwa sauti moja kila siku: kitabu kizuri, vyombo vingi vimevunjika. Sikio la Mswahili limezoea mrudio huo kiasi kwamba haulishtui. Muundaji wa jina anayeona ki- mbili juu ya karatasi anaweza kudhani amepata takriri, kumbe amepata sarufi tu.

Tofauti hudhihirika tukilinganisha majina mawili yanayokaribiana: Sembe Safi na Sembe Salama. Kwa jicho, yote mawili yana takriri ya s. Kwa sikio hali ni tofauti. Katika SE-mbe SA-fi, s inafungua silabi zote mbili zenye mkazo, na jina lina jozi mbili zilizo sawa. Katika SE-mbe sa-LA-ma, pigo la pili linaangukia la, na s ya pili inapita katika silabi legevu. Takriri imebaki kwenye maandishi, lakini imepungua kwenye matamshi.

Kigezo hiki kinatumika pia kwa majina ya kampeni. Kilimo Kwanza, azma ya kilimo iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2009, huonekana kuwa na takriri ya k. Ukiipima, unapata ki-LI-mo KWA-nza. Mapigo yapo kwenye li na kwa, na k ya kwanza ni ya kiambishi ngeli kisicho na mkazo. Wepesi wa jina hilo hautokani sana na k. Unatokana zaidi na ufupi wake wa mizani tano, na na jinsi neno la mizani tatu linavyofuatwa na neno la mizani mbili linaloanza moja kwa moja kwa pigo.

Ipo hali moja ambapo takriri ya sarufi hugeuka kuwa takriri ya sikio, nayo ni muhimu kwa muundaji wa majina. Shina la neno likiwa na silabi moja tu, mkazo hurudi nyuma na kukikalia kiambishi. Shina -pya ni la namna hiyo. Katika kizuri mkazo uko kwenye shina, ki-ZU-ri. Katika kipya mkazo uko kwenye kiambishi, KI-pya. Hapo ki- ambayo kwa kawaida hupita bila kusikika hupata pigo.

5. Mfano wa uchambuzi: jina la unga wa mahindi

Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha wasagishaji kinachotaka jina la sembe yake. Wanakikundi wamekubaliana kwamba neno kinu liwemo, kwa kuwa linagusa kazi ya kutwanga na kusaga bila kuutaja unga wenyewe. Kinu lina mizani mbili na mkazo kwenye kiambishi: KI-nu. Yamependekezwa majina manne: Kinu Kizuri, Kinu Chema, Kinu Kikuu na Kinu Kipya.

Kinu Kizuri lina mizani tano: KI-nu ki-ZU-ri. Pigo la kwanza limefunguliwa na k, la pili na z. Takriri ya ki- imeangukia silabi legevu, hivyo jina linasikika kama maelezo ya kawaida ya kinu ambacho ni kizuri. Hakuna kitu kinacholitenga na mazungumzo.

Kinu Chema lina mizani nne na mapigo yaliyo sawa: KI-nu CHE-ma. Ridhimu yake ni njema kuliko ya jina lililotangulia. Hata hivyo, shina -ema linaanza kwa irabu, na ki- ikikutana na irabu hiyo hugeuka kuwa ch-. Sarufi iliyotarajiwa kuleta takriri imeivunja yenyewe.

Kinu Kikuu lina mizani tano: KI-nu ki-KU-u. Hapa k inafungua mapigo yote mawili, mara ya kwanza kutoka katika kiambishi na mara ya pili kutoka katika shina -kuu. Kwa kipimo cha sauti, jina hili ni la nguvu, na irabu ndefu ya mwisho hulipa uzito. Kasoro yake iko kwenye maana. Wasemaji wengi hukutana na neno kikuu katika kifua kikuu, na hakuna msagishaji anayetaka chakula chake kikumbushe ugonjwa. Kadiri sauti inavyoshika, ndivyo kumbukumbu hiyo mbaya nayo inavyoshika. Kwa hiyo ni lazima jina lililofaulu kipimo cha sauti litafutiwe maneno ambayo kwa kawaida huambatana nalo.

Kinu Kipya lina mizani nne: KI-nu KI-pya. Maneno yote mawili yana shina la silabi moja, -nu na -pya, hivyo viambishi vyote viwili vimebeba mkazo. Takriri ya sarufi imekuwa takriri ya sikio, na jozi mbili zimekaa sawa. Ukiliweka katika sentensi ya dukani, "naomba Kinu Kipya kilo mbili", neno kilo linaendeleza pigo lilelile: KI-nu KI-pya KI-lo. Mnunuzi hahitaji kubadili mwendo wa kinywa hadi anapofika kwenye idadi.

Jina hili nalo lina udhaifu wake. Neno kipya huzeeka, na baada ya miaka kadhaa linaweza kusikika kama ahadi iliyopitwa na wakati. Kikundi kinapaswa kulikubali jambo hilo kabla ya kuchapa mifuko. Kati ya majina manne yaliyopendekezwa, hata hivyo, ndilo pekee linalotimiza masharti yote matatu ya sauti bila kubeba kumbukumbu mbaya.

6. Kipimo cha ufupisho na mipaka ya sauti

Jina linaloingia mtaani hufupishwa, na sehemu inayobaki mara nyingi ni ya mizani mbili, kama Yanga inavyoonyesha. Kwa hiyo haitoshi kupima jina kamili; kipande kitakachobaki nacho kipimwe. Kinu Kipya likifupishwa linabaki Kinu, neno ambalo bado linaelekeza kwenye bidhaa ya kikundi hicho. Sembe Safi, ambalo kwa sauti halina kasoro, likifupishwa linabaki Sembe, neno linalotaja unga wa kila msagishaji. Takriri yake nzuri imefungwa kwenye jina la aina ya bidhaa, na mnunuzi anapoidondosha safi, jina lote linapotea. Hasara iliyotajwa katika utangulizi huanzia hapo.

Udhaifu huohuo unaonekana upande wa sheria. Tanzania Bara, alama za biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na alama hutakiwa iwe na upekee wa kuitofautisha bidhaa na za wengine. Maneno yanayoeleza tu aina au ubora wa bidhaa hupata taabu kutimiza sharti hilo, hata yakiwa na mizani na takriri iliyopangika vizuri. Uamuzi ni wa msajili, na uchambuzi wa sauti hauwezi kuchukua nafasi yake.

Mpaka mwingine ni wa takriri yenyewe. Urudiaji wa sauti ileile hurahisisha matamshi, lakini upishanaji wa sauti zinazokaribiana huyatatiza. Vitanza ndimi vimejengwa juu ya jambo hilo. Jina la kubuni kama Shaba Sasha linapishanisha sh na s, na msemaji akilirudia haraka mara tatu huanza kuzichanganya. Ndivyo ilivyo kwa l na r zikiwa katika silabi jirani, hasa kwa wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo. Ngorongoro halina tatizo hili kwa kuwa r inarudiwa bila kupishana na l.

Kasoro za namna hii hugunduliwa kwa jaribio jepesi. Msikilizaji asiyelijua jina atajiwe mara moja kwa simu, aombwe alirudie, kisha aliandike. Akiongeza irabu, hesabu ya mizani iliyofanywa ilikuwa ya karatasi na si ya kinywa. Akihamisha mkazo, neno lina usomaji wa namna mbili. Akibadilisha konsonanti, kuna sauti zinazogongana. Na akilirudia kwa kulifupisha, tayari ameonyesha jina ambalo soko litalitumia.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mvuto wa jina la Kiswahili hauwezi kupimwa kwa kutazama herufi za mwanzo. Mizani huhesabiwa kwa matamshi, mkazo hutambuliwa, kisha huangaliwa kama konsonanti inayorudiwa inafungua silabi zenye mkazo. Upatanisho wa ngeli hutoa takriri bure, lakini takriri hiyo hupata pigo pale tu kiambishi kinapobeba mkazo, hasa kwa maneno yenye shina la silabi moja. Uchambuzi huu umejikita katika majina ya neno moja au mawili na katika matamshi ya Kiswahili sanifu. Maeneo ambayo mkazo wa maneno hutofautiana na kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho yanahitaji kuchunguzwa kwa data ya matamshi ya wasemaji wenyewe.